Somo: Kuigawa x¹² − 1 hadi mwisho, na kuijua mizizi ya kila kigawo

Jumamosi iliyopita, tulipokuwa tumekaa kwenye benchi la karibu na Mwaloni Kirumba, mwanafunzi mmoja wa kidato cha sita alinionyesha daftari lake. Alikuwa ameandika hivi, kisha akapiga mstari chini na kuhesabu kwamba amemaliza:

x¹² − 1 = (x − 1)(x + 1)(x² + 1)(x⁸ + x⁴ + 1)

Hakuna kosa la hesabu hapo, kwani ukizidisha upande wa kulia utapata upande wa kushoto. Kasoro ni kwamba kazi imeishia njiani, na mwandishi wake hakuwa na namna ya kulitambua hilo. Alifuata njia tunayofundishwa sote, yaani kutazama umbo, kukumbuka kanuni, na kusimama pale kanuni zinapokwisha. Somo hili linaonyesha njia nyingine, ambayo kwayo utajua kabla hujaanza kwamba vigawo vitakuwa sita, utajua kila kimoja kina mizizi mingapi, na utajua mizizi hiyo iko wapi kwenye duara. Ninaposema vigawo nina maana ya vile ambavyo namba zinazozidisha x ndani yake ni namba kamili, ambavyo haviwezi tena kugawanyika kwa sharti hilohilo.

Hatua ya kwanza: panga mizizi kwenye duara

Mlinganyo x¹² = 1 una mizizi 12 katika namba changamano. Yote iko kwenye duara lenye nusukipenyo 1 ambalo kitovu chake ni sifuri, na imeachana kwa nyuzi 30 kila mmoja na mwenzake. Tuliokota vizibo 12 vya soda, tukavipanga duara juu ya benchi, tukavipa namba kuanzia 0 hadi 11 kwa kuzunguka kinyume cha mshale wa saa. Kizibo 0 ndicho namba 1 yenyewe, kizibo 1 kiko kwenye nyuzi 30, kizibo 2 kwenye nyuzi 60, na kuendelea. Duara hili linafanana na uso wa saa, lakini nakusihi usilisome kama saa, kwa sababu mzunguko wake ni wa upande wa pili, na pia mshale unapoelekea 12 sisi husema saa sita, jambo ambalo litakuchanganya bure.

Unapozidisha namba mbili zilizo kwenye duara hili, pembe zao hujumlishwa. Kwa hiyo kuchukua kizibo 5 na kukipandisha vipeo ni sawa na kuruka hatua tano tano kutoka kizibo 0. Somo zima limesimama juu ya jambo hilo.

Hatua ya pili: uliza kila mzizi unarudi nyumbani baada ya miruko mingapi

Mwanafunzi yule aliweka kidole kwenye kizibo 0 na kuanza kuruka kwa hatua nane: 8, kisha 4, kisha 0. Amerudi baada ya miruko mitatu. Akajaribu hatua tisa: 9, 6, 3, 0, ambayo ni miruko minne. Akajaribu hatua tano: 5, 10, 3, 8, 1, 6, 11, 4, 9, 2, 7, 0. Alipita kwenye vizibo vyote bila kuacha hata kimoja, na akarudi baada ya miruko 12 kamili.

Idadi hiyo ya miruko ndiyo utambulisho wa mzizi. Ikiwa mzizi unarudi kwenye kizibo 0 kwa mara ya kwanza baada ya miruko d, basi una haki ya kuitwa mzizi wa d kwa asili, hata kama tumeukuta ndani ya x¹² − 1. Kizibo 8, kwa mfano, ni mzizi wa x³ − 1, nacho kimeingia huku kwa sababu tu 3 inaigawa 12. Bila kuruka unaweza kuipata idadi hiyo kwa kutafuta Kigawo Kikubwa cha Shirika cha namba ya kizibo na 12, kisha kuigawa 12 kwa hicho kigawo. Kwa kizibo 8, KKS ni 4, na 12 ÷ 4 ni 3.

Ukivipitia vizibo vyote utapata makundi sita, kwa kuwa 12 ina vigawo sita, yaani 1, 2, 3, 4, 6 na 12:

d = 1: kizibo 0
d = 2: kizibo 6
d = 3: vizibo 4 na 8
d = 4: vizibo 3 na 9
d = 6: vizibo 2 na 10
d = 12: vizibo 1, 5, 7 na 11

Kila kundi ni mizizi ya kigawo kimoja. Vigawo hivi huitwa polinomia zigawazo duara, na kile cha kundi d huandikwa Φ_d.

Hatua ya tatu: andika kila kigawo

Vya mwanzo ni rahisi. Φ₁ ni x − 1, na Φ₂ ni x + 1 kwa sababu kizibo 6 ndicho −1. Kwa makundi ya mizizi miwili, tumia jumla na zao la mizizi. Vizibo 4 na 8 viko kwenye nyuzi 120 na 240. Sehemu halisi ya kila kimoja ni −1/2, kwa hiyo jumla ni −1, na zao ni 1 kwa kuwa pembe zao zinatimiza mzunguko kamili. Kigawo ni x² + x + 1. Vizibo 3 na 9 ni i na −i, jumla ni 0, na kigawo ni x² + 1. Vizibo 2 na 10 vina sehemu halisi 1/2 kila kimoja, jumla ni 1, na kigawo ni x² − x + 1.

Kimebaki Φ₁₂, ambacho ndicho kilichomponyoka mwanafunzi. Usikitafute kwa kubahatisha. Kipate kwa kuondoa. Makundi 1, 2, 3 na 6 kwa pamoja ndiyo mizizi yote ya x⁶ − 1, hivyo ukiigawa x¹² − 1 kwa x⁶ − 1 unabaki na x⁶ + 1. Humo bado mna kundi la 4, kwa hiyo gawa tena kwa x² + 1:

(x⁶ + 1) ÷ (x² + 1) = x⁴ − x² + 1

Hapa ndipo wengi huteleza. Wanajua kwamba x² + 1 haigawanyiki, basi wanadhani x⁶ + 1 nayo haigawanyiki, ilhali ni jumla ya vipeo viwili vya tatu, yaani (x²)³ + 1³. Sasa jibu kamili ni hili:

x¹² − 1 = (x − 1)(x + 1)(x² + x + 1)(x² + 1)(x² − x + 1)(x⁴ − x² + 1)

Kile x⁸ + x⁴ + 1 cha kwenye daftari kilikuwa kimebeba makundi matatu kwa pamoja, la 3, la 6 na la 12. Mizizi yake minane ni 2 + 2 + 4.

Hatua ya nne: hakiki kwa x = 2

Kabla hujafunga daftari, weka 2 mahali pa x. Upande wa kushoto ni 4096 − 1 = 4095. Upande wa kulia, kwa mpangilio uleule, ni 1 × 3 × 7 × 5 × 3 × 13, ambayo nayo ni 4095. Ukiwa umekosea alama na kuandika x⁴ + x² + 1 mwishoni, ungepata 21 badala ya 13, na kosa lingejitokeza papo hapo. Lakini fahamu mpaka wa uhakiki huu: unafichua hesabu iliyokosewa, haufichui kazi iliyoishia njiani. Jibu la mwanafunzi yule lingepita, kwa sababu 1 × 3 × 5 × 273 ni 4095 pia. Kwa hilo la pili, hesabu vigawo vyako: lazima vilingane kwa idadi na vigawo vya kipeo n cha xⁿ − 1, ambacho hapa ni 12.

Maswali ya wanachama

*Swali:* Shikamoo Mwalimu. Mimi nimeendelea kuigawa x⁴ − x² + 1 nikapata (x² + √3x + 1)(x² − √3x + 1), na nikizidisha inarudi sawasawa. Je, si kwamba wewe ndiye uliyeishia njiani?

*Jibu:* Marahaba. Hesabu yako ni sahihi kabisa, ila umebadilisha sharti. Ndani yake imeingia √3, ambayo si namba kamili wala haiandikiki kama sehemu. Tazama pia ulichokifanya kwenye duara: umeviweka vizibo 1 na 11 upande mmoja, 5 na 7 upande mwingine, ilhali vyote vinne vinarudi baada ya miruko 12. Namba kamili peke yake haiwezi kuvitenganisha. Swali la mtihani likisema “kwa namba halisi”, jibu lako ndilo linalotakiwa, kwa hiyo soma sharti kwanza.

*Swali:* Mwalimu, Φ₃ na Φ₆ zinatofautiana kwa alama moja tu. Ni bahati?

*Jibu:* Si bahati. Kubadili x kuwa −x ni kuuzungusha kila mzizi nyuzi 180. Nyuzi 120 inakuwa 300, na 240 inafika 420, yaani 60. Mizizi ya kundi la 3 imegeuka kuwa ya kundi la 6. Jambo hili hutokea kwa kila m isiyo shufwa iliyo kubwa kuliko 1: Φ ya 2m hupatikana kwa kuweka −x ndani ya Φ ya m. Hivyo ukijua Φ₅ = x⁴ + x³ + x² + x + 1, umekwisha kuijua Φ₁₀ = x⁴ − x³ + x² − x + 1. Usiitumie kwa m shufwa. Ukiweka −x ndani ya x² + 1 hakuna kinachobadilika.

*Swali:* Na kama n ni namba tasa, kama 7?

*Jibu:* Namba tasa ina vigawo viwili tu, kwa hiyo x⁷ − 1 ina vigawo viwili tu: x − 1, na x⁶ + x⁵ + x⁴ + x³ + x² + x + 1. Mizizi sita ya hicho cha pili ni yote isipokuwa 1, kwa maana ukipanga vizibo saba, kila hatua kuanzia 1 hadi 6 inapita kwenye vyote.

*Swali:* Katika mifano yote naona mbele ya x kuna 1, 0 au −1 tu. Naweza kuichukua kuwa kanuni?

*Jibu:* Hapana, ingawa utajaribu kwa muda mrefu kabla hujakutana na kinyume chake. Ni kweli kwa kila n iliyo chini ya 105. Namba 105 ni 3 × 5 × 7, ndiyo ndogo kuliko zote zenye namba tasa tatu tofauti zisizo shufwa ndani yake, na Φ₁₀₅, ambayo kipeo chake cha juu ni 48, ina −2 mbele ya x⁷ na −2 nyingine mbele ya x⁴¹.