Kabla ya kuijadili AQUAMAT wodini: mambo ya kuandaa

Ukipangiwa kuongoza kikao cha kujadili utafiti, iwe Kigoma mjini, Kasulu au Kibondo, kazi yenyewe unaifanya siku chache kabla. Kwenye kikao watu huwa na dakika arobaini, na mtu mmoja akishasema "utafiti huu haukuficha dawa, haufai", mjadala umekwisha kabla haujaanza. Haya ninayoyaandika ni ya kuyaweka sawa mapema. Nimechagua AQUAMAT kwa sababu kila anayefanya kazi wodi ya watoto mkoani kwetu anaishi na matokeo yake. Huu ndio utafiti uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2010, ukilinganisha sindano za artesuneti na kwinini kwa watoto 5,425 wenye malaria kali, katika vituo 11 vya nchi 9 za Afrika, Tanzania ikiwamo. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilielekeza artesuneti itangulie kwinini kwa watoto wenye malaria kali.

Pakua makala nzima, si muhtasari peke yake, pamoja na viambatisho vyake. Pakua pia fomu ya RoB 2, ambayo ndiyo hutumika siku hizi kupima hatari ya upendeleo katika majaribio ya aina hii. Fanya hivyo mtandao ukiwa mzuri, maana viambatisho ndivyo vinavyokwama. Kisha mtafute mwenzako mmoja asome naye, kila mtu ajaze fomu yake bila kuchungulia ya mwingine. Pale mtakapotofautiana ndipo penye mjadala, na hapo ndipo pa kupeleka kikaoni.

Kabla hujajibu swali hata moja, andika juu ya karatasi ni tokeo gani unalipima. Hili wengi hulipita. RoB 2 haiulizi kama utafiti mzima ni mzuri au mbaya. Inauliza kama namba fulani, ya tokeo fulani, inaweza kuwa imepindishwa. Kwa AQUAMAT ningeandaa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya kifo wodini, ambalo ndilo tokeo kuu: walikufa watoto 230 kati ya 2,712 waliopewa artesuneti, yaani asilimia 8.5, na 297 kati ya 2,713 waliopewa kwinini, yaani asilimia 10.9. Ya pili ni ya kushuka kwa sukari baada ya matibabu kuanza: 48 upande wa artesuneti, 75 upande wa kwinini. Utafiti ni mmoja na watoto ni wale wale, lakini hukumu za karatasi hizi hazilazimiki kufanana.

Anza na mgawo. Usiuchanganye na upofushaji, yaani kuficha dawa ambayo mtoto anapewa, kwa sababu ni vitu viwili tofauti na vinatokea nyakati tofauti. Kuficha mgawo maana yake ni kwamba anayemwandikisha mtoto hajui dawa ipi inafuata mpaka mtoto awe ameshaingia kwenye utafiti. Hapa walitumia bahasha zilizofungwa, zisizopenya mwanga. Ukisoma hilo, jiulize kama bahasha inaweza kufunguliwa kabla, au ikarukwa ikachukuliwa inayofuata. Halafu angalia ukubwa wa mafungu. Mgawo ulipangwa katika mafungu ya 20, kila fungu likigawanywa sawa kwa dawa zote mbili. Katika utafiti ambao dawa inaonekana wazi, fungu dogo ni hatari: kama ni la wanne na watatu wameshapita, muuguzi mwenye kumbukumbu nzuri anajua wa nne atapewa nini, na anaweza kumsubirisha mtoto aliye hoi au kumharakisha. Kwa fungu la 20 kubahatisha hivyo ni kugumu zaidi. Mimi hapa ningeandika hatari ndogo kwa karatasi zote mbili.

Sasa upofushaji. AQUAMAT ilikuwa ya wazi. Wodini kila mtu alijua mtoto anapata nini, ila muhtasari wa takwimu uliotenganishwa kwa dawa aliuona mtakwimu peke yake. Ni rahisi kuona kwa nini. Kwinini ya mshipani inaingia kwa dripu ya saa kadhaa, kila baada ya saa nane. Artesuneti ni sindano ya dakika chache, inarudiwa baada ya saa 12 na 24, kisha mara moja kwa siku. Ili kuficha tofauti hiyo ungehitaji kumtundikia dripu tupu kila mtoto wa artesuneti, na mtoto mwenye malaria kali si wa kumwongezea maji yasiyo na kazi. Basi kukosekana kwa upofushaji tunakujua. Swali linalobaki ni kama kungeweza kubadilisha kipimo.

Kwa kifo jibu ni hapana, na usiwaache watu walizungushe. Daktari anayeipenda artesuneti hawezi kuandika kwamba mtoto yu hai ilhali amefariki. Kinachowezekana ni kitu kingine: kwa kuwa dawa inajulikana, upande mmoja ukaangaliwa kwa karibu zaidi au ukawahishiwa damu. Hiyo ni sehemu nyingine ya fomu, inayohusu mwenendo wa matibabu. Itafute kwenye makala: je, huduma nyingine zilifuata utaratibu mmoja kwa makundi yote mawili? Kama zilifuata, andika hivyo na usogee.

Kwa sukari mambo yanabadilika. Kipima sukari chenyewe hakina upendeleo, kinatoa namba. Lakini mtu ndiye anayeamua lini achome kidole. Kila muuguzi anajua kwinini inashusha sukari. Mtoto wa kwinini akizubaa kidogo, atachomwa kidole. Wa artesuneti akizubaa vile vile, huenda akaachwa alale. Ukipima mara nyingi upande mmoja, utapata visa vingi upande huo hata kama dawa hazina tofauti. Kwa hiyo kabla ya kikao tafuta jambo moja tu: je, sukari ilipimwa kwa ratiba sawa kwa wote, au kila ilipoonekana haja? Kama ni kwa ratiba, wasiwasi unapungua sana. Kama ni kwa haja, au haikuelezwa, ningeandika mashaka kiasi na nisione haya.

Alama za fahamu nazo ni za aina hiyo. Kwa watoto wadogo hutumika kipimo cha Blantyre, chenye alama 0 hadi 5. Mtoto akilia sawasawa anapata 2 kwenye sauti, akiguna anapata 1. Saa tisa usiku, wodi imejaa, kati ya kulia na kuguna kuna nafasi kubwa ya mtu kuona anachotarajia. Ukiwa na muda wa karatasi ya tatu, iwe ya tokeo hili. Kwenye waliopoteza fahamu baada ya kulazwa utaona idadi ya watoto wanaohesabiwa imeshuka, 65 kati ya 1,832 kwa artesuneti na 91 kati ya 1,768 kwa kwinini. Usikimbilie kusema wamepotea: mtoto aliyefika akiwa tayari hana fahamu hawezi kuhesabiwa kwamba amezipoteza wodini.

Hiyo inatuleta kwa waliopotea kweli. Watu wengi wamefundishwa kanuni ya vidole: wakikosekana chini ya asilimia 5, hakuna neno, wakizidi 20, tupa. Kwa matokeo ya ndiyo au hapana kanuni hiyo inadanganya, kwa sababu unatakiwa kulinganisha waliokosekana na idadi ya visa, siyo na idadi ya washiriki.

Fanya hesabu hii kwenye karatasi kabla hujafika. Kwanza jumlisha 2,712 na 2,713. Unapata 5,425, hivyo kila mtoto aliyepangiwa dawa amehesabiwa katika kundi lake. Sasa tuseme, kwa kubuni tu, watoto 30 wa artesuneti walichukuliwa na wazazi wao kabla ya kuruhusiwa, wakahesabiwa kuwa hai, na kumbe wote walifia nyumbani. Vifo vinakuwa 260, asilimia 9.6, kwinini bado iko juu kwa 10.9. Wafanye 60: vifo 290, asilimia 10.7, na tofauti imekaribia kufutika. Sitini kati ya 2,712 ni asilimia 2.2 tu, wale wa kanuni ya vidole wasingegeuza hata shingo. Kwa sukari ni kali zaidi, maana tofauti nzima kati ya makundi ni visa 27, asilimia moja ya kundi. Kwa hiyo nenda kwenye mchoro wa mtiririko wa washiriki, hesabu waliotoroka au kuhamishwa kwa kila kundi, na uziweke namba hizo kando ya tofauti ya visa. Kifo wodini kina nafuu ya kujulikana hapo hapo. Tokeo linalosubiri nje ya hospitali halina nafuu hiyo.

AQUAMAT iliangalia pia ulemavu wa neva siku ya 28, na hapo waulize wenzako wa Kigoma wanajua nini kuhusu kurudi siku ya 28. Familia ya Kalya inakuja kwa boti. Kwenye kambi za dagaa watu huvua usiku wa giza na kupumzika mbalamwezi ikijaa. Siku 28 ni karibu mwezi mzima wa angani, kwa hiyo mtoto aliyelazwa baba yake akiwa ziwani anaitwa kurudi baba yake akiwa ziwani tena. Asiyerudi anaweza kuwa mzima kabisa, mama haoni sababu ya safari, au anaweza kuwa mtoto asiyeweza kukaa wala kushika kichwa, asiyesafirishika. Hapo kukosekana kunategemea tokeo lenyewe, na hilo ndilo swali hasa la fomu. Kama sababu ni zile zile na idadi zinafanana pande zote mbili, hatari inapungua, ingawa haiishi.

Kuchagua matokeo ya kuripoti hakuchukui muda mrefu. Tafuta namba ya usajili inayoanza na ISRCTN, ufungue ukurasa wake, uone kama tokeo kuu lililosajiliwa ndilo lililochapishwa. Na akitokea mtu kuuliza kuhusu ukubwa wa sampuli, mwambie kwa upole kwamba huo unahusu upana wa makadirio, hauna nafasi kwenye fomu hii.

Hukumu ya jumla ya kila karatasi haiwezi kuwa nafuu kuliko sehemu yake iliyo mbaya zaidi. Ya kifo mimi ningeifikisha kikaoni ikiwa na hatari ndogo, pamoja na hesabu ya wale 30 na 60 ubaoni. Ya sukari ningeiacha na nafasi wazi kwenye sehemu ya upimaji, ili aliyewahi kushika zamu ya usiku aseme vidole vinachomwa lini.