Kabla hujarukia altikoini, kaa kwanza na chati ya ETHBTC

Wengi wanaangalia bei ya ETH kwa dola tu, ikipanda kidogo basi kelele, msimu wa altikoini, yaani koini zote zisizo Bitcoin, umefika. Cha kuangalia ni ETHBTC, yaani ETH moja inanunua BTC kiasi gani, maana hapo ndo unaona kama pesa inamhama mkubwa kwenda kwa wadogo. Fungua TradingView, andika `ETHBTC`, weka mishumaa ya wiki, ya dakika 15 achana nayo itakuchanganya bure. Mshumaa wa wiki unafunga saa tisa usiku kuamkia Jumatatu kwa saa za kwetu Afrika Mashariki, kwa hiyo ukiona imevunja juu Jumamosi tulia, wikiendi soko ni jepesi na mara kibao inarudi kabla haijafunga.

Alafu ikipanda, jiulize inapanda kivipi, hapa ndo watu wengi wanaliwa. Tuseme BTC iko dola 100,000 na ETH 2,500, hiyo ni 0.025. BTC ikashuka hadi 80,000 na ETH hadi 2,250, sasa unasoma 0.028, chati inapendeza kabisa lakini mwenye ETH kapoteza asilimia 10, na vikoini vidogo siku kama hizo huwa vinachinjwa zaidi. Kwa hiyo chati ya BTC kwa dola iwe pembeni muda wote. Unachotaka ni BTC imetulia au inapanda mdogomdogo huku ETHBTC nayo inapanda.

Na usichukulie ETH kama ndo altikoini zote. 2023 ETHBTC ilishuka karibu mwaka mzima, ila SOL ilianza mwaka kwenye dola 10 hivi ikamaliza juu ya 100, aliyekuwa anasubiri ETH itoe ishara alibaki anaangalia tu. Kinyume chake 2025, ETHBTC ilitoka karibu 0.018 mwezi Aprili hadi kupita 0.04 Agosti, lakini pesa nyingi iliingia kupitia ETF, ile mifuko ya uwekezaji inayouzwa kwenye soko la hisa, na kampuni zinazojaza ETH kwenye hazina zao, na pesa ya aina hiyo haina haja ya kuhamia koini za mbwa. Ndo maana mi naandika na hii pale TradingView, inapima koini nyingine zote dhidi ya BTC:

```
(CRYPTOCAP:TOTAL3-CRYPTOCAP:USDT-CRYPTOCAP:USDC)/CRYPTOCAP:BTC
```

TOTAL3 ni soko zima bila BTC na ETH, ila inahesabu pia sarafu za dola, ndo maana tunazitoa. ETHBTC ikipanda na hii imelala, basi ni safari ya ETH peke yake, nunua ETH au kaa pembeni. Zikipanda zote wiki mbili tatu mfululizo, hapo sawa, ingia, ila kabla hujabonyeza kununua andika kabisa namba ya ETHBTC ambayo wiki ikifunga chini yake unauza, mfano chini ya kile kiwango ilichovunja.