Somo: Ipe huzuni saa yake na mahali pake

Wengi mmeniletea beti za kuachwa, na karibu zote zinafanana na huu:

*Nakukumbuka mpenzi,*
*Moyo wangu waumia,*
*Tangu uliponiacha*
*Kila siku ninalia.*

Mizani ni nane kila mstari, umetulia. Ila msikilizaji hana pa kusimama. "Kila siku" ni siku zote, kwa hiyo haioni hata moja. Tuuandike upya.

Hatua ya 1: Chagua saa moja. Acha "kila siku" na "usiku na mchana". Jiulize ni saa ngapi huzuni hiyo hukuzidi nguvu. Mimi nachukua saa kumi na mbili. "Ni saa kumi na mbili" ina mizani nane kamili, inaingia bila kulazimishwa. Tatizo ni kwamba saa kumi na mbili ziko mbili, ya macheo na ya machweo, na wimbo hauwezi kusimama ueleze. Mstari wa pili ndio utakaoamua, kwa mwanga: "Jua lahama ukuta." Likihama, jioni imeingia.

Hatua ya 2: Tafuta kitu kimoja kilichobaki mahali pale. Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Usiandike "nyumbani", nyumba ni kubwa mno. Ingia, sogea mpaka ufike mahali unapoweza kupagusa kwa mkono: mlangoni, kitandani, ngazini. Kisha tazama kuna nini, na kimekaaje. Mimi naona ndala. Ndala peke yake bado ni picha ya mtu yeyote, lakini zimeelekea wapi?

*Ni saa kumi na mbili,*
*Jua lahama ukuta,*
*Ndala zako mlangoni*
*Zatazama barabara.*

Hakuna moyo wala machozi humo, na bado tunajua aliyeziacha hayupo, na kwamba kuna mtu ameziangalia muda mrefu kiasi cha kujua zimeelekea wapi.

Lugha yetu inakusaidia hapa kuliko unavyodhani. "Mlangoni pana ndala" ni mahali hasa, unaweza kupanyooshea kidole. "Mlangoni kuna ndala" ni huko, kwa ujumla. "Chumbani mna giza" inatuingiza ndani. Ukitaka msikilizaji awe karibu, tumia *pa* na *mu*. *Ku* itunze kwa ajili ya huko alikokwenda yule mtu.

Hatua ya 3: Sogeza saa, usihame mahali. Ubeti wa pili wengi hukimbilia picha mpya: mvua, kituo cha basi, barua. Msikilizaji anapotea. Baki mlangoni, saa isogee, na kitu kilekile kibadilike kidogo:

*Ni saa tano usiku,*
*Mlango sijaufunga,*
*Ndala nimezigeuza*
*Zatazama chumba chetu.*

Kuzigeuza ndala ndicho kilio chenyewe.

Hatua ya 4: Kiitikio kisiwe na saa. Kinarudi baada ya kila ubeti. Ukikifunga na jioni, kitagombana na saa tano usiku. Humo ndimo unaporuhusiwa kusema "nakukumbuka" waziwazi, kwa kuwa beti zimeshalilipia neno hilo.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, ni lazima nitaje saa kwa namba?*

Hapana. "Alasiri" na "magharibi" zina mizani nne kila moja, zinafaa nusu ya mstari. Hata kivuli kinatosha. Namba inafaa pale mtu anaposubiri, maana anayesubiri huhesabu.

*Nimeweka ndala, kikombe, shati, picha na kitana katika ubeti mmoja. Mbona umepoa?*

Umeorodhesha vitu, ndugu yangu. Kila kipya kinamwondoa msikilizaji kwenye kile alichoanza kukitazama. Futa kimoja kimoja huku ukiimba. Kile ambacho kikiondoka ubeti unaanguka, ndicho cha kubaki.

*Naweza kubuni, kama jambo halikunitokea?*

Buni, lakini chumba chako kiwe cha kweli kichwani. Niliwahi kuandika jua la asubuhi likiingia dirishani, na ubeti wa tatu nikalizamisha kwenye dirisha lilelile. Niliuimba wimbo huo mara nyingi kabla mtu hajaniuliza dirisha hilo linatazama wapi. Siku hizi nachora ramani ndogo kwanza: mlango huku, dirisha huku, jua linatokea upande gani.

*Nimeandika "hukaa mlangoni nikikungoja". Kuna kosa?*

Kisarufi hakuna. Ila *hu* ni ya mazoea, inaturudisha kwenye "kila siku". Jaribu "nimekaa mlangoni". Ina mizani nane kamili, na sasa tunakuona umekaa.