Kupanga rangi za chumba kwa kuanzia kitambaa kimoja

Ukuta wa kwanza nilioharibu katika kazi hii niliupaka rangi ya matofali. Mteja alikuwa na kitambaa cha pamba chenye maua ya rangi hiyo, na maua ndiyo aliyoyapenda, basi nikaichukua rangi ya maua nikaipeleka ukutani. Pazia lilipotundikwa, maua yakamezwa na ukuta, yakabaki majani yanayoelea. Chumba nacho kikawa kama tanuri. Tulipaka upya, kwa gharama yangu. Siku hizi, kabla ya kuuliza ni rangi gani inapendwa, nauliza imo kwa kiasi gani kitambaani.

Nitakitumia kitambaa kile kile kuonyesha ninavyofanya sasa. Kina rangi tano: uwanja wa rangi ya mchanga, majani ya kijani kilichofifia, maua ya rangi ya matofali, mistari myembamba ya bluu iliyokolea, na vidoa vya manjano katikati ya maua.

Hatua ya 1: Hesabu kwa vifungo

Macho yetu huvutwa na rangi kali, kwa hiyo ukikadiria kwa kutazama tu utaipa rangi kali zaidi ya haki yake. Tandaza kitambaa sakafuni, chukua vifungo 20 vya shati, virushe bila kulenga. Andika kila kifungo kimeangukia rangi gani, kisha rudia mara mbili zaidi ili upate vifungo 60.

Kwangu mchanga ulipata 33, kijani 13, matofali 9, bluu 4, manjano 1. Maua yale yaliyokuwa yakipiga kelele yalikuwa sehemu ndogo tu, kama moja ya saba. Yanapendeza kwa sababu yamezungukwa na utulivu.

Kama unaanzia picha ya ukutani, usiirushie vifungo, utaikwaruza. Simama mbali nayo hatua nne hivi, finya macho mpaka maumbo yafifie, kisha utazame ni rangi gani zimebaki mabaka makubwa. Jaribio hili lifanye hata kwa kitambaa, hasa chenye nakshi ndogondogo. Vidoa vyekundu na vya bluu vilivyobanana huungana ukiwa mbali na kuwa zambarau, na hiyo zambarau ndiyo utakayoishi nayo.

Hatua ya 2: Tenga kila rangi kwa kadi yenye matundu mawili

Rangi hubadilishwa na jirani yake. Mkemia Mfaransa Michel Eugène Chevreul, aliyesimamia upakaji rangi wa nyuzi katika kiwanda cha Gobelins jijini Paris, alikumbana na malalamiko kwamba nyuzi nyeusi hazikolei. Akagundua kwamba nyuzi hazikuwa na kasoro. Rangi zilizofumwa kando yake ndizo zilizozififisha machoni. Matokeo ya uchunguzi wake yalichapishwa mwaka 1839, na mpaka leo tunateleza palepale.

Kata kadi ya kijivu, toboa matundu mawili yaliyokaribiana, kila moja upana wa sentimita 2. Tundu la kushoto liweke juu ya rangi unayoitafuta kitambaani, na chini ya tundu la kulia pitisha vipande vya rangi vinavyotolewa dukani. Sasa unalinganisha rangi kwa rangi, bila maua kukuchanganya. Fanya hivyo karibu na dirisha, mchana, na ukiwa na kitambaa chenyewe mkononi. Picha ya simu haifai hapa, maana kamera hurekebisha mwanga yenyewe na kuipotosha rangi.

Mimi nilipoufunika mchanga wangu hivi, nilishangaa: haukuwa na unjano niliodhani, ulikuwa na dokezo la waridi. Unjano wote ulikuwa wa vile vidoa.

Hatua ya 3: Kitambulishe kwa vitu visivyohama

Sakafu, mbao za milango, na kochi ambalo halitabadilishwa vina rangi pia, na havikuulizwa. Weka kitambaa na vipande vyako vya rangi juu ya sakafu yenyewe. Vigae vya chumba kile vilikuwa vya kijivu chenye uwaridi kidogo. Mchanga wa kuelekea njano, ambao dukani ulionekana safi, ulipokaa juu ya vigae uligeuka kama karatasi iliyochakaa. Ule wa kuelekea waridi ulitulia.

Kama hakuna rangi hata moja ya kitambaa inayopatana na sakafu, afadhali ujue sasa. Zulia kubwa linaweza kuvitenganisha. Likishindikana, tafuta kitambaa kingine.

Hatua ya 4: Gawa kazi kwa kufuata hesabu

Rangi yenye vifungo vingi hupewa eneo kubwa, na yenye vifungo vichache hupewa vitu vidogo. Hapa mchanga ulikwenda kwenye kuta. Kijani kikaenda kwenye zulia na kiti kimoja. Matofali ikapata kivuli cha taa na mito miwili, bluu ikapata fremu za picha na miguu ya meza, na manjano ikapata chombo kimoja cha maua. Kitambaa chenyewe kilitosha pazia la dirisha moja.

Usikamate namba kama sheria. Ninachokazia ni mpangilio wa nani mkubwa na nani mdogo. Kingine ni kuzitawanya: matofali ikikaa upande mmoja tu wa chumba huonekana kama imesahauliwa pale, kwa hiyo taa iliwekwa kona ya mbali na mito.

Hatua ya 5: Jaribu ukuta kabla ya kuupaka

Hapa usifanye haraka. Rangi iliyo sawa kabisa na kipande kidogo hukolea ikishajaa kuta nne, kwa sababu kuta humulikiana na kila moja huongezea nyingine. Kwa hiyo nunua kopo dogo la rangi uliyoichagua na jingine la rangi iliyo hatua moja hafifu zaidi.

Paka kila moja kwenye ubao wa sentimita 60 kwa 60, mara mbili, uache ukauke kabisa. Usipake moja kwa moja ukutani, kwani rangi ya zamani inayoizunguka itakudanganya, kama rangi jirani zinavyofanya kitambaani. Uegemeze ubao karibu na dirisha, kisha kwenye kona yenye giza, asubuhi, mchana, na usiku taa zikiwa zimewashwa.

Balbu ziwe zilezile utakazotumia. Iliyoandikwa 2700K hutoa mwanga wa manjano, ya 4000K hutoa mweupe zaidi. Chini ya 2700K, ubao wangu uliokolea ulielekea rangi ya ngozi. Ule hafifu ulibaki mchanga, nasi tukauchukua.

Ukiona ubao unapendeza mchana na unakera usiku, badilisha balbu kwanza. Ni rahisi kuliko kubadilisha ukuta.

Hatua ya 6: Siku ya kununua

Nunua makopo yote ya ukuta kwa mara moja. Rangi inayochanganywa dukani inaweza kupishana kidogo kati ya kopo na kopo, na tofauti hiyo hujitokeza katikati ya ukuta pale fundi anapofungua la pili. Mwambie ayamimine yote kwenye ndoo moja kubwa na kukoroga kabla ya kuanza. Nyuma ya ule ubao andika jina na namba ya mchanganyiko, ubandike na kipande cha kitambaa, kisha uuweke juu ya kabati. Siku ya kuziba mkwaruzo utauhitaji.