Somo: Pikapu iliyochakaa kwenye vitabu kabla ya siku zake

Nilikuwa napitia rejesta ya mali za kudumu ya ghala moja la korosho huku Mtwara. Kuna pikapu ilinunuliwa 1 Julai 2021 kwa sh. 32,000,000, uchakavu 25% kwa njia ya salio linalopungua. Kufikia 30 Juni 2024 rejesta inasema imebaki na thamani ya sh. 8,000,000. Twende nayo.

Hatua ya 1. Kabla ya kushika kikokotoo, soma sera ya uhasibu: njia, kiwango, na mali iliyonunuliwa katikati ya mwaka inahesabiwaje. Halafu fungua ankara, uhakikishe bei na tarehe.

Hatua ya 2. Piga hesabu upya. Mwaka wa kwanza uchakavu ni 8,000,000, zinabaki 24,000,000. Wa pili ni 25% ya hizo 24,000,000, yaani 6,000,000, zinabaki 18,000,000. Wa tatu ni 4,500,000, zinabaki 13,500,000. Kwenye Excel:

```
=32000000*(1-25%)^3
```

Karani alikata 8,000,000 kila mwaka. Yaani kiwango kakipiga kwenye bei ya kununulia, na hapo ametumia mstari ulionyooka bila kujua. Dalili yake ni rahisi: uchakavu unajirudia ule ule. Mwaka wa nne pikapu ingefika sifuri, na salio linalopungua halifiki sifuri kamwe.

Hatua ya 3. Sahihisha. Uchakavu limbikizi umezidi 5,500,000, upunguze (debiti). Kati ya hizo, 3,500,000 ni za mwaka huu, kreditisha gharama ya uchakavu. Zilizobaki, 2,000,000, ni za mwaka uliopita, zinakwenda kwenye faida limbikizi ya mwanzo. Usizitupie zote mwaka huu.

Mizani yao ya kupimia korosho ilikuwa na kosa jingine. Bei 5,400,000, thamani ya mabaki 400,000, miaka 5, mstari ulionyooka: 1,000,000 kwa mwaka. Ila ilinunuliwa 1 Oktoba 2023, na sera yao inahesabu kwa miezi. Miezi 9 ni 750,000. Wao walikata mwaka mzima.

Maswali

*Newala:* Mwalimu, kwenye salio linalopungua thamani ya mabaki naitoa kwanza?
— Hapana, ndugu yangu. Kiwango kinapigwa kwenye salio zima. Mabaki unayatoa kwenye mstari ulionyooka tu.

*Lindi:* Shikamoo mwalimu. TRA pikapu wanaipa 37.5%. Nibadilishe rejesta?
— Marahaba. Usiiguse. Hicho ni kiwango cha kodi, kitengenezee jedwali lake pembeni. Rejesta inafuata sera yenu.

*Masasi:* Fomula yako nimeitumia kwa lori lililonunuliwa Januari, majibu hayalingani.
— Hayawezi, kaka. Ile inataka miaka kamili. Mkihesabu kwa miezi, kokotoa ile miezi 6 ya mwanzo peke yake, kisha anza fomula na salio lililobaki Juni.