Kutembea macho yamefungwa: zoezi la wawili wawili la kuelekeza na kusikiliza

Nimeliongoza zoezi hili na vijana na watu wazima, na karibu kila mara mwendo huharibikia kwenye maneno. Mtembeaji yuko tayari kutii, mwelekezaji ana nia njema, ila anachosema hakitembeki. Kwa hiyo somo hili litakaa zaidi kwenye namna ya kutoa agizo. Lakini kwanza usalama, kwa sababu mtu akijikwaa na kuumia hakuna atakayejifunza kitu siku hiyo.

Kagua uwanja

Eneo tambarare la mita 15 kwa 10 linatosha jozi tano. Lizungushie kamba au mstari wa chaki, kisha litembee mwenyewe mara mbili. Mara ya kwanza angalia chini: mashimo, mawe, visiki, vigingi. Mara ya pili angalia kuanzia kifuani hadi juu ya kichwa: matawi, kamba za kuanikia nguo, kona ya dirisha lililoachwa wazi. Huo mzunguko wa pili ndio watu wanaousahau. Mwelekezaji huwa anatazama miguu ya mwenzake, na tawi linampiga mwenzake usoni.

Ngazi, barabara, maji, moto na ukingo wenye mteremko visiwepo kabisa ndani ya eneo wala karibu nalo.

Sheria, kabla kitambaa hakijafungwa

1. Hakuna anayelazimishwa. Asiyetaka kitambaa afumbe macho tu, na asiyetaka hata hilo awe mwangalizi.
2. Kila mtu anajifunga mwenyewe, fundo la kuvuta mara moja likafunguka. Miwani inavuliwa na kukabidhiwa kwa mwelekezaji.
3. Neno "SIMAMA" ni la kila mtu. Yeyote akilisema, jozi zote zinasimama palepale, hata kama halikuwahusu. Lifanyieni mazoezi mara tatu macho yakiwa wazi.
4. Mwelekezaji hatoki umbali wa mkono mmoja. Hashiki simu, hapigi soga na jozi nyingine.
5. Ni kutembea tu. Mtembeaji anakunja mkono mmoja mbele ya uso, kiganja nje, na mwingine anaushusha mbele ya kiuno.
6. Anayempeleka mwenzake kwenye kitu kwa utani anatoka kwenye zoezi, bila onyo la pili. Hapa siongezi wala sipunguzi.

Kwa jozi tano awepo mwangalizi mmoja asiye na kazi nyingine yoyote, hata ya kupiga picha.

Hatua za zoezi

*Kwanza, kwa mguso.* Mtembeaji anashika mkono wa mwelekezaji juu kidogo ya kiwiko na kumfuata nusu hatua nyuma. Asisukumwe kutoka nyuma, wala asivutwe kwa mkono. Dakika tatu hivi, mpaka mabega yake yalegee. Ukiona bado anaburuza nyayo, mwache aendelee hapohapo.

*Pili, kwa sauti.* Mkono unaachiwa. Mwelekezaji anasimama nyuma ya bega la mwenzake, wote wakitazama upande mmoja, ili kulia kwake kuwe kulia kwa mwenzake. Akisimama mbele wakitazamana, atachanganya pande ndani ya dakika moja.

Agizo lina sehemu tatu, kwa mpangilio huu: nini, kiasi gani, lini. "Mbele, hatua tatu... sasa." Kabla ya "sasa", mtembeaji anarudia alichosikia: "Mbele, hatua tatu." Mguu hauondoki mpaka "sasa" isikike. Kurudia huko kunachosha mwanzoni, lakini ndiko kunakofichua agizo lililosikika vibaya, wakati bado halijamkwaza mtu.

Kuna maneno ninayoyapiga marufuku. "Huku", "pale" na "hivi" hayana maana kwa asiyeona kidole chako. "Kidogo" kila mtu ana chake. "Sawa" inafanana mno na "sasa" kukiwa na kelele, na nimeshuhudia mtu akianza kutembea kwa sababu hiyo. Kisha kuna ukanushi: "usisimame" kwa sikio lenye wasiwasi hubaki "simama", na "usiende kulia" humpeleka mtu kulia. Sema anachotakiwa kufanya, acha asichotakiwa.

"Geuka" nayo ina mtego. Wengine hugeuka nyuma kabisa, wengine hukunja shingo tu. Kubalianeni mapema: "robo kulia" ni kugeuza mwili mzima, miguu pamoja, mpaka utazame ulipokuwa upande wako wa kulia. "Nusu ya robo" ni nusu ya hapo.

*Tatu, kizuizi kimoja.* Laza kamba nene chini, na mbele yake weka benchi la kuzunguka. Halafu mbadilishane.

Jozi moja kwa karibu

Mwelekezaji alisema: "Njoo, njoo, kuna kamba, inua mguu, haya ruka." Mtembeaji aliinua mguu hatua mbili kabla ya kamba, akaushusha, akasimama amekakamaa huku mikono ikipapasa hewa. Kila neno lilikuwa kweli, ila alipewa kizuizi bila kupewa umbali, na "ruka" ilimwogopesha.

Walirudi nyuma wakaanza upya. "Mbele, hatua mbili." Akarudia. "Sasa." Akasimama. "Kamba iko mbele ya vidole vyako, unene wake kama kidole gumba. Gusa kwa mguu wa kulia, sasa." Akaigusa, na uso ukatulia. "Vuka kwa mguu wa kulia, kisha wa kushoto, sasa." Akavuka. Kilichobadilika zaidi ni kule kumwacha aguse kwanza. Kwenye benchi mwelekezaji hakuhitaji kukumbushwa. Alimwambia mwenzake ashushe mkono uliokunjwa hadi kiunoni na aguse ukingo wa benchi kabla ya kulizunguka.

Maswali ya wanachama

*Wangu wanachungulia chini ya kitambaa. Nikaze zaidi?*

Hapana, usikaze. Kukaza kunaumiza macho na kunaongeza hofu. Anayechungulia mara nyingi hajamwamini bado mwelekezaji wake, basi mrudishe kwenye mguso. Mwulize pia pembeni kama angependa kubadilishiwa mwenzake.

*Jozi zikiwa nyingi, sauti zinaingiliana. Nifanyeje?*

Kila agizo lianze na jina la mtembeaji, na jozi ziachane angalau hatua tatu. Msipigane kwa kupandisha sauti, maana kila jozi ikipandisha, zote zinapotea. Ikizidi, nusu watembee na nusu watazame.

*Mtu akipatwa na kizunguzungu au hofu katikati?*

Anavuta fundo mwenyewe papo hapo, bila kuomba ruhusa. Mwelekezaji anampa kiwiko ashike na kumpeleka akae. Asiulizwe mbele ya wote kilichotokea, na asirudishwe siku hiyo hata akisema yuko tayari.

*Tuna mwenzetu asiyeona kwenye kikundi. Tuliache zoezi?*

Mwulizeni yeye. Mweleze wazi kwamba hapa mnajifunza kutoa maagizo, na hammwigi mtu asiyeona. Akikubali, anaweza kutembea bila kitambaa, na nafasi inayomfaa zaidi ni kuwasikiliza waelekezaji na kuwaambia agizo gani lingemkwaza. Kushika juu ya kiwiko nusu hatua nyuma ni namna ambayo wasioona wengi huitumia kila siku wanapoongozwa, basi atawasahihisha hata mshiko.

*Tuko idadi isiyogawanyika kwa mbili.*

Anayebaki anaungana na jozi moja kama mwangalizi wa vilivyo juu, kuanzia kifuani hadi kichwani. Ana neno moja tu la kusema: "Simama."