Ukiandika "nasubiri maoni yako", utasubiri kweli: namna ya kufunga barua ya bei ili mteja ajibu

Kazi yangu hapa Moshi ni kuandika barua za bei kwa makundi yanayotaka kupanda Kilimanjaro. Wengi ni Watanzania wenzetu: wafanyakazi wa ofisi moja, wanakwaya, watu waliosoma pamoja. Barua za namna hii huwa na ratiba nzuri na bei iliyochambuliwa, kisha zinafungwa hivi:

> Karibu sana kwa maswali au ufafanuzi wowote. Tunasubiri maoni yenu. Asanteni.

Jibu linalokuja ni "Asante, tumepokea", halafu kimya. Mteja hajakukataa. Umemkabidhi kazi ambayo hukuitaja, naye ana kazi zake. Nitaonyesha ninavyoiandika upya sehemu hiyo ya mwisho, kwa mfano wa kundi la watu 12 kutoka Dodoma wanaotaka kufika kileleni tarehe 9 Disemba, Siku ya Uhuru, kwa njia ya Marangu.

Hatua ya 1: Jiulize unataka jibu gani, kwa maneno yatakayoandikwa

Kabla ya kugusa barua, andika pembeni lile jibu ambalo ungefurahi kulipata. Kama huwezi kuliandika, mteja naye hawezi. Mara nyingi mtu anataka "wathibitishe safari", lakini hilo si jibu la mara moja. Ndani yake kuna tarehe, idadi ya watu, fedha, na kikao cha kundi zima.

Tafuta uamuzi mdogo unaotangulia mingine yote. Kwa kundi hili, uamuzi huo ni idadi ya siku. Marangu hupandwa kwa siku tano au sita, na ile siku ya ziada hutumika Horombo, kituo cha kulala njiani, ili mwili uzoee urefu wa mlima kabla ya kwenda Kibo, kituo cha mwisho kabla ya kilele. Wakichagua sita, wataanza tarehe 5. Wakichagua tano, wataanza tarehe 6. Kwa ratiba zote mbili wanapangiwa kuwa kileleni alfajiri ya tarehe 9 na kurudi getini tarehe 10. Bila kulijua hilo, siwezi kuomba nafasi za kulala wala kuandika ankara. Kwa hiyo jibu ninalolitaka ni herufi moja: A kwa siku sita au B kwa siku tano.

Hatua ya 2: Angalia kama unayemwandikia anaweza kulitoa

Hapa ndipo barua nyingi hukwama. Anayewasiliana nami ni katibu wa kundi. Hana mamlaka ya kuwachagulia wenzake, na akiulizwa swali la wote ataliweka kando mpaka wakutane. Ombi langu kwake lazima liwe jambo analoliweza mwenyewe, yaani kulirusha swali kwenye kundi lao la WhatsApp na kuniletea jibu. Hivyo namwandikia aya fupi ya kunakiliwa, isiyohitaji barua nzima ili ieleweke. Akilazimika kuitunga mwenyewe, itachukua wiki.

Hatua ya 3: Weka siku, saa na sababu ya kweli

"Mapema iwezekanavyo" si tarehe. Andika siku ya wiki pamoja na tarehe, ili ukikosea moja mteja agundue. Kwenye saa kuwa mwangalifu zaidi: ukiandika "saa 10" tu, mmoja ataelewa jioni na mwingine, aliyezoea kusoma saa za simu, ataelewa asubuhi. Andika "saa kumi jioni".

Sababu nayo iwe ya kweli. Marangu ndiyo njia pekee ya Kilimanjaro ambayo wapandaji hulala kwenye vibanda badala ya mahema, na vitanda vya Mandara, Horombo na Kibo vina kikomo. Wiki ya Uhuru huvuta makundi mengi. Hiyo inatosha, huna haja ya kuandika "ofa inaisha leo". Watu wameshaona ofa nyingi zilizoisha leo na kesho zikawa bado zipo, na ukibainika mara moja, tarehe zako zote zitakazofuata hazitaaminiwa.

Hatua ya 4: Sema wewe utafanya nini baada ya jibu, na utafanya nini lisipokuja

Mteja anaogopa kwamba akijibu tu, atadaiwa fedha. Mwambie kitakachofuata na lini. Kisha taja hatua yako endapo atanyamaza, na iwe hatua ambayo kweli utaichukua.

Sasa mwisho wa barua unasomeka hivi:

> Dada, naomba jambo moja. Tafadhali rusha ujumbe huu kwenye kundi, kisha niandikie A au B kabla ya Alhamisi tarehe 16 Oktoba, saa kumi jioni:
>
> "Jamani, tuchague. A: siku 6, tarehe 5 hadi 10 Disemba, na siku moja ya kuzoea hali ya juu Horombo. B: siku 5, tarehe 6 hadi 10, bei ndogo kidogo lakini bila siku hiyo. Zote zimepangwa tuwe kileleni tarehe 9. Wiki hiyo vitanda vya Marangu hugombewa, kwa hiyo tujibu mapema."
>
> Nikipata jibu, Ijumaa asubuhi nitaomba nafasi za watu 12 na kukutumia ankara ya malipo ya awali. Lisipofika, nitakupigia Ijumaa saa nne asubuhi tuangalie tufanyeje.

Ni ndefu kuliko ile ya kwanza, lakini kazi aliyobakiwa nayo katibu ni ya dakika moja. Angalia pia nisichokiomba: majina na namba za vitambulisho vya taifa. Navihitaji, kwa sababu raia wa Afrika Mashariki hulipa ada ndogo ya hifadhi na lazima uraia uonekane, lakini hilo ni ombi la barua inayofuata. Ukiweka maombi mawili, mteja huchukua lile gumu kuwa kisingizio cha kutojibu lile jepesi.

Wengine husema kumpa mtu tarehe ni ukali. Ukali unatokana na namna unavyosema. "Naomba" na "tafadhali" zipo, salamu ipo juu, na kwa mzee ningeanza na shikamoo. Kinachoudhi zaidi ni kumwacha mtu akisie, halafu umpigie kumuuliza mbona kimya.

Hatua ya 5: Soma jibu ujue ulipokosea

Akijibu "Sawa, nitakurudia", ombi lilikuwa kubwa mno au lilikwenda kwa mtu asiyehusika. Akiuliza jambo ambalo tayari limo kwenye barua, ombi lilizama katikati ya aya, kwa hiyo lipe aya yake peke yake mwishoni. Akijibu "Vyovyote tu", hakuona tofauti ya A na B. Kwa kundi la watu wasiowahi kupanda mlima, mimi huacha kuwauliza na kupendekeza: "Nawashauri siku sita. Niombe nafasi za siku sita? Jibu ndiyo au hapana."

Ijumaa ikifika bila jibu, usitume tena barua nzima. Piga simu saa ile ile uliyoitaja. Asipopokea, tuma mstari mmoja: "Dada, nilipiga kuhusu A au B. Nitajaribu tena saa tisa alasiri. Ukiwahi kuona, niandikie herufi tu."